Ile Pete Monica Aliiuza Temeke

Vingunguti kuna watu chungu nzima waliosahau biolojia yote waliyowahi kusoma, ila sentensi za Mwalimu Leodegar zimewaganda kichwani. Mkamate fundi wa pikipiki, au yule dada anayetoka machinjioni na ndoo ya utumbo, mwambie akupangie viumbe kutoka kundi kubwa hadi dogo. Atacheka kwanza, halafu atakwambia bila kupepesa: Kondo, pika chai, oga, funga geti, sinzia. Kingdom, Phylum, Class, Order, Family, Genus, Species. Maana ya Phylum atakuwa ameshaisahau siku nyingi, lakini ataipanga mahali pake, na hatakosea.

Kondo mwenyewe alikuwa mlinzi wa kituo cha tuisheni alikofundisha Leodegar, mzee wa Kizaramo mwenye kikoti cha kijani kilichochakaa, na kweli alikuwa akipika chai, akioga kwenye bomba la uani, akifunga geti na kusinzia papo hapo kwenye kiti cha plastiki. Hakuona ubaya. Alikuwa akiwaambia wapita njia, "Hawa watoto wananisoma mie shuleni." Wanafunzi walimpenda, naye akajiona ameingia kwenye mtaala.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Leodegar, na tumpe haki yake, aliijua. Alitoka Mahenge na cheti cha ualimu, ajira ya serikali ikamkwepa, akaishia kufundisha kwenye chumba cha mabati karibu na machinjio, ambako upepo ukigeuka darasa zima linafunika pua. Watoto wake walikuwa wale ambao shule imewakatia tamaa. Kiingereza kinawapiga chenga, na mtihani unawadai majina ya Kilatini na Kigiriki, tena kwa mpangilio. Kuwaambia wakariri ni kumwambia kiziwi asikilize redio.

Ndipo akatunga. Kila hatua alichukua herufi yake ya kwanza, kila herufi akaipa neno la Kiswahili, na maneno yakawa sentensi. Mwanzoni alikosea kama wanavyokosea wengi. Kwa mgawanyiko wa seli, ambao hatua zake ni Interphase, Prophase, Metaphase, Anaphase na Telophase, aliwapa watoto hii: imamu, padri, mwalimu, askari, tabibu. Wakaishika yote, na kwenye jaribio nusu ya darasa wakaweka Anaphase kabla ya Metaphase. Akakaa akajiuliza kwa nini. Jibu lilikuwa jepesi: hakuna sababu yoyote duniani ya mwalimu kumtangulia askari. Ukiwabadilisha nafasi, hakuna kinachovunjika. Tangu hapo akajiwekea sheria. Sentensi iwe na tukio, neno moja lisiweze kuchukua nafasi ya jingine. Iwe na mtu wanayemjua. Na iwe na kitu kinachochoma kidogo, kiwe kichekesho au aibu, kwa sababu akili ya mtoto haihifadhi adabu, inahifadhi umbea.

Sheria hiyo ya mwisho ndiyo iliyomponza, na alijiponza mwenyewe.

Mkewe aliitwa Monica, binti wa Mbeya, mpole wa sura na mkali wa msimamo. Alikaa mapokezi palepale kituoni, akiandikisha wanafunzi na kuwafukuza wachelewaji. Walimwita Madamu. Walifunga ndoa kanisani, na pete yake ya dhahabu ndiyo kitu pekee cha thamani kilichowahi kuingia kwenye chumba chao cha kupanga Kipawa, chini ya njia ya ndege.

Mtoto wao wa pekee, Lusungu, alipokuwa bado anatambaa, Leodegar alikwenda Mahenge. Aliaga anakwenda kumwona mama yake. Akafika, akakutana na wenzake aliosoma nao, akanogewa na pombe ya kwao, simu akaizima. Huku nyuma mtoto akashikwa na homa ya mapafu, kifua kikawa kinaingia ndani akivuta pumzi. Monica alipiga simu mpaka kidole kikachoka. Hospitali walitaka kitu mkononi. Akambeba mtoto mgongoni, akaenda kwa sonara mmoja Temeke, akavua pete.

Leodegar alirudi mtoto ameshatoka wodini, amelala, amekonda. Aliingia, akatazama mkono wa mkewe, akauliza, "Pete iko wapi?" Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Monica akamjibu kwamba ameiuza Temeke. Akangoja aulizwe kwa nini. Hakuulizwa. Mume aliuliza kaiuza kwa ruhusa ya nani, na wakalala hivyo, kila mtu amegeukia ukuta wake. Asubuhi Leodegar alisimuliwa habari nzima na jirani, akaona haya. Lakini mwanamume akiona haya mara nyingi huwa mkali zaidi, na yeye aliondoka kwenda kufundisha amefura.

Siku hiyo somo lilikuwa mgawanyiko wa seli. Imamu na padri walikuwa wameshashindwa. Alisimama ubaoni na chaki, akatazama zile herufi, I, P, M, A, T, na sentensi ikamjia nzima, tamu, imekamilika, kama iliyokuwa inamngoja. Akaiandika kwa herufi kubwa:

ILE PETE MONICA ALIIUZA TEMEKE.

Mmoja akacheka, wakacheka wote, kwa sababu Monica walimpita pale mapokezi dakika chache nyuma na kila mmoja alikuwa ameuona ule mkono mtupu. Kwenye jaribio hakuna aliyekosea. Huwezi kuiweka Temeke kabla ya pete. Leodegar alisahihisha karatasi zile kwa furaha chafu, furaha ya fundi ambaye kazi yake imekubali.

Mchana wanafunzi walipotoka, mmoja alimwinamia Monica mezani, "Madamu, Temeke wanasemaje?" Monica akaanza kuelewa. Aliingia darasani, akasoma ubao ambao haukuwa umefutwa, akaenda kumchukua mtoto. Juma lile alihamia kwa dada yake Kawe, na hakurudi.

Watu walimsihi Leodegar aende akaombe radhi. Aliwajibu kwamba hajasema uongo. Pete ilikuwepo, Monica aliiuza, na Temeke ndiko alikoiuzia. "Sasa nimemkosea wapi?" Alipobanwa kwamba mbona hakusema aliiuzia nini, alikuwa na jibu la kitaaluma kabisa. "Sentensi ina nafasi tano tu. Sababu haikuwa na nafasi." Na mwaka uliofuata akaiandika tena, na uliofuata, kwa sababu ilikuwa inafaulisha.

Mkuki kwa nguruwe, waliosema hivyo walimjua Leodegar.

Lusungu alikulia Kawe. Baba alikuwa akimwona sikukuu, akimpelekea madaftari, akilipiga chenga kila swali lililokaribia ndoa ile. Msichana alikua mrefu, mtulivu, na macho ya mama yake. Alipofika kidato cha nne, siku moja ya Jumamosi, Leodegar alifungua mlango pale Kipawa akamkuta amesimama na sare ya shule, hakumwarifu kama anakuja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Mama hajambo?"

"Hajambo." Alikaa kwenye ukingo wa kiti. "Baba, tumepata mwalimu mpya wa baiolojia. Sir Mudathir. Anasema ulimfundisha wewe, tuisheni, Vingunguti."

Leodegar alifurahi, mjinga wa watu. "Mudathir! Alikuwa kichwa yule. Anafundishaje?"

"Anafundisha vizuri. Wiki iliyopita ametufundisha mitosisi, ule mgawanyiko wa seli." Lusungu alitazama mikono yake. "Ametupa sentensi."

Ndege ilipita juu ya paa, bati zikatetema, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie mtaa ule Leodegar alitamani ndege isimalize kupita. Ilimaliza.

"Hajui kama mie ni mwanao," Lusungu akaendelea. "Hana kosa. Ila Mauwa tunayekaa naye dawati moja anamjua mama, anajua anaitwa nani, na anajua havai pete. Mauwa akacheka, akawaambia wengine. Sasa hivi nikipita wananiita Temeke. Hata jina langu wameliacha."

"Watoto ni watoto. Watasahau."

"Baba, wewe si ndiye uliyetengeneza isisahaulike?"

Msichana akauliza alichokuja kuuliza. "Ni kweli mama aliiuza?"

"Aliiuza."

"Aliiuzia nini?"

Basi, hapo ndipo palikuwa na mlango. Uliachwa wazi, na mwenye kuufungua ni mtoto mwenyewe aliyebebwa mgongoni siku ile. Leodegar alihitaji kusema maneno machache tu. Uliumwa, mie nilikuwa nalewa Mahenge, mama yako akauza pete ukapona. Aliyahisi yamefika kooni. Akaona jinsi yule mtoto atakavyomtazama baada ya hapo, akayameza.

"Muulize mama yako," akasema.

"Nilimuuliza. Kasema nikuulize wewe."

"Ni mambo ya watu wazima, Lusungu."

Lusungu alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea bidhaa aliyojua mapema kwamba ni mbovu. "Sawa. Basi nitungie nyingine. Mtihani wa taifa umekaribia, na nikijaribu kukumbuka zile hatua inakuja hiyohiyo. Siitaki kichwani mwangu."

Hilo angalau aliliweza. Alitoa karatasi, akafanya kazi kama hajawahi kufanya. Alimfundisha kwanza kinachotokea, jambo ambalo mara nyingi aliliruka akikimbizana na muda: kwamba Interphase ni maandalizi, seli inakua na kunakili DNA yake, nayo haihesabiwi kuwa hatua ya mitosisi. Kwenye Prophase kromosomu zinanenepa zinaonekana, na utando wa kiini unayeyuka. Kwenye Metaphase zinajipanga mstari mmoja katikati. Anaphase zinavutwa, nusu huku na nusu kule. Telophase kila upande unajijengea kiini chake.

"Kwa hiyo wakisema hatua za mzunguko wa seli, unaanza na I," alimwambia. "Wakisema hatua za mitosisi peke yake, I unaiacha. Wengi wanapoteza alama hapo."

"Nimeelewa. Sentensi je?"

Alitunga, akafuta, akatunga. Mwisho akapata moja iliyomridhisha: injika, pakua, mwite, ale, toa. Unainjika chungu motoni, unapakua, unamwita mtu, anakula, unatoa vyombo. Haiwezi kugeuzwa, maana hakuna anayepakua kabla ya kuinjika. Haimtaji mtu na haina ubaya. Lusungu aliirudia akiwa anavaa viatu, akairudia mlangoni, akamshukuru baba yake kwa heshima zote. Leodegar alimsindikiza kwa macho mpaka alipokunja kona, akajiambia deni limelipwa, na huku akijua kabisa kwamba ametoa chenji ya sarafu bandia.

Jumatatu akampigia simu Mudathir. Kijana alishtuka alipoambiwa Lusungu ni nani, akaomba radhi mpaka ikawa kero. "Ila Sir, sasa nifanyeje? Ubaoni nilishafuta. Kichwani mwao nitafutia nini? Nikiwaambia waiache ndiyo kwanza watauliza kwa nini." Akaongeza: "Na samahani, Sir, mie mpaka leo sijui huyo Monica alikuwa nani. Nilidhani ni jina tu. Sie tulivyofika kwako hakukuwa na Monica yeyote."

Leodegar hakusikiliza ushauri uliokuwa ndani ya maneno yale. Jioni alisimama mbele ya darasa lake la Vingunguti, akatangaza kwa ukali kwamba ile sentensi ya pete ni marufuku kuanzia siku hiyo, na atakayeitamka atatoka nje. Kumbe nusu ya darasa walikuwa wageni, hawakuwa wameisikia. Hadi wanafika getini walikuwa wameshaipata yote, pamoja na nyongeza. Mzee Kondo, ambaye sasa alikuwa anasinzia hata kabla ya kufunga geti, alimwita pembeni.

"Mwalimu, mie ulinitia kwenye masomo na nilicheka, kwa kuwa mie naona nilichosemwa ni kweli yangu yote. Yule bibie ulimsema nusu. Nusu hiyo nyingine si ungewaambia leo, badala ya kuwakaripia?"

"Mzee Kondo, hayakuhusu."

"Hayanihusu," Kondo alikubali, akarudi kwenye kiti chake.

Mtihani ulipita. Lusungu hakupiga simu wiki nzima, na baba hakuthubutu. Alikuja mwenyewe tena, safari hii bila sare, amevaa gauni la mama yake lililopunguzwa kiunoni. Hakukubali kukaa.

"Swali lilitoka, baba. Taja hatua za mitosisi kwa mpangilio, ueleze kila moja."

"Enhe. Uliandika?"

"Niliandika. Nadhani nimepata zote." Akaendelea: "Nilianza na ile yako mpya. Nikasema injika, pakua. Halafu nikasema mpe, nikasema mle, nikachanganya. Ikapotea yote. Nikatulia, na ile nyingine ikaja yenyewe, sikuiita. Ile pete Monica. Nikaitoa I kama ulivyonifundisha, nikaandika. Pete, Prophase. Monica, Metaphase. Mpaka Temeke. Nimefaulu kwa kumsema mama yangu, baba. Nilikuwa nalia, msimamizi akadhani sijui majibu."

Leodegar aliinua mkono kama anataka kumgusa bega, ukaishia hewani.

"Nilirudi nyumbani nikamwambia mama hivyohivyo. Akanikalisha chini, akanisimulia. Kwamba nilikuwa mtoto, nilikuwa nakufa. Na wewe ulivyorudi ulianza kuuliza nini." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyomtisha baba yake. "Alisema alikungoja wewe uniambie. Miaka yote hiyo. Alisema akiniambia yeye itakuwa anajitetea, ila ukiniambia wewe nitabaki na baba. Nilikuja hapa nikakuuliza, na ukanirudisha kwake."

"Lusungu, mwanangu, nilitaka..."

"Mama anasema ulikuwaga unawaambia watu sentensi ina nafasi tano, sababu haikuwa na nafasi."

"Nilisema hivyo, ndiyo. Nilikuwa na hasira."

"Mie nimejaribu. Nimekaa kwenye mkeka na mama akiwa anachambua mchele, wala haikuchukua muda." Akahesabu kwa vidole, polepole, kama anavyofundisha baba yake. "Ile. Pete. Mama. Alinunulia. Tiba."

Leodegar aliipima bila kutaka, ndiyo ilivyo ada ya fundi. I, P, M, A, T. Hakuna neno lililozidi, hakuna lililoweza kuhama. Nafasi zilezile tano, na sababu imekaa ndani yake kwa raha zake, kama ambavyo ingeweza kukaa siku ile ya kwanza, kama mwenye chaki angetaka.

"Nafasi ilikuwepo," Lusungu alisema. Akaaga kwa adabu, maana mama yake alimlea, akaondoka. Sikukuu iliyofuata hakuja, wala ile iliyofuatia.

Muhula mpya ulipoanza, Leodegar alijaza ubao. Aliandika ile ya binti yake kwa herufi kubwa, Ile pete mama alinunulia tiba, akawaeleza wanafunzi kwamba kuanzia sasa ni hii, na kwamba ni habari ya kweli ya mama mmoja na mtoto wake. Watoto walinakili kimya. Hakuna aliyecheka, na yeye, aliyekuwa ameishi kwa kujua nini kinaganda na nini kinateleza, aliona wazi macho yao yalivyokuwa yanateleza juu ya maneno yale. Ilikuwa sentensi nzuri ya mama mwema. Ingeondoka nao hadi getini tu.

Kijana mmoja wa nyuma, mgeni kabisa, aliyezaliwa Monica ameshahamia Kawe siku nyingi, akanyoosha mkono. Hakuwa na ubaya wowote, alitaka tu kusaidia.

"Sir, samahani. Braza wangu alisoma hapa. Si ni ile pete Monica aliiuza Temeke?"

Darasa likaangua kicheko, na kalamu zote zikainama kuandika.